Kikadi cha Sikukuu Mezani kwa Mwenzako

Desemba imeingia, na katika ofisi nyingi za Dar es Salaam, Arusha, Mombasa na Nairobi watu wameanza kuandika majina kwenye vipande vya karatasi, wanavikunja, wanavitia kwenye bahasha, kisha kila mmoja anachota jina la mwenzake atakayempa zawadi. Kununua zawadi yenyewe hakumshindi mtu. Chupa ya chai, pakiti ya kahawa, shajara ya mwaka mpya, kikapu cha matunda: pesa ikiwepo, nusu saa Kariakoo inatosha. Kinachomkalisha mtu akiuma kalamu ni kile kikadi kidogo kinachofungwa kwa uzi juu ya zawadi. Aandike nini kwa mtu ambaye yuko naye kutwa nzima siku tano za wiki, lakini si ndugu yake, si rafiki wa utotoni, na nyumbani kwake hajawahi kufika?

Leo ninataka tuzungumze juu ya maneno hayo tu. Nayapenda, na inaniuma nikiona yanaandikwa mbio mbio mlangoni, mtu kaegemea ukuta, ilhali ndiyo sehemu ya zawadi ambayo mwenzako ataihifadhi kwenye droo matunda yakishaliwa.

Tuanze na ukubwa wake, maana ndio unaoamua mengi. Kikadi cha kawaida kinakaribia kitambulisho cha kazini. Ukitoa nafasi ya tundu la uzi, ya jina la anayepewa juu na jina la anayetoa chini, inabaki mistari miwili au mitatu. Kwa mwandiko unaosomeka hayo ni maneno 10 hadi 15. Hakuna nafasi ya hotuba, wala ya zile baraka tunazozipanga foleni: afya, amani, furaha, upendo, mafanikio, maisha marefu. Ukizijaza zote unalazimika kubana herufi, na msomaji hapati hata moja ya kushika.

Jambo la pili ni wasomaji. Kikadi hicho anayepewa ndiye wa kwanza kukisoma, na hayuko peke yake. Zawadi inafunguliwa mbele ya watu, na kuna mtu atasema, "Hebu soma, kimeandikwaje?" Baada ya hapo kinasafiri hadi nyumbani na kukaa mezani, na huko mume, mke, mama mkwe au mtoto wa darasa la sita watakisoma. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, kisome kwa masikio ya watu hao. Sentensi ambayo ingekufanya uanze kuieleza mbele ya mke wa mwenzako haifai, hata kama baina yenu wawili ni safi kabisa. Na kwa sababu hiyo hiyo, kama unampa mtu wa jinsia nyingine, chagua kikadi cha wazi kuliko kile kinachokunjwa. Kilichokunjwa kinamwalika mtu adhani kuna siri ndani.

Sasa jina. Nasema bila kusita kwamba nusu ya joto la kikadi, na karibu umbali wake wote, vimo katika namna unavyomwita mwenzako. Mwandike kama unavyomwita kazini mbele ya watu, usimpandishe wala usimteremshe kwa sababu ya sikukuu. Mama mtu mzima ambaye ofisi nzima inamwita kwa jina la mwanawe, mwandike hivyo hivyo, Mama Fulani. Zanzibar na pwani, "Bi" na jina lake la kwanza lina heshima na ukaribu kwa pamoja, na sijaona mbadala wake ulio mzuri zaidi. Mwanamume aliyekuzidi umri ni "Mzee" iwapo yeye mwenyewe anaitikia hivyo. Wapo waliofika miaka 50 wasiolitaka jina hilo, na kikadi si mahali pa kulijaribu. "Dada" na "kaka" vinakaa vizuri kwa rika lako. Ongeza "yangu" pale tu unapoitumia kweli kila siku, kwa sababu kwenye karatasi hilo neno dogo linasogeza kiti karibu sana. "Mpendwa" limezoeleka mwanzoni mwa barua, na kwa waumini wanaosali pamoja ni salamu ya kawaida. Lakini juu ya zawadi, kutoka kwa kijana wa mauzo kwenda kwa binti wa mapokezi, linaweza kusomeka vingine. Jina peke yake linatosha.

Chini, pale pa mtoaji, andika jina lako na idara yako. "Wako" nakushauri uiache. Kwenye barua ya kikazi inafuatwa na neno jingine linaloifunga, wako mtiifu, wako katika kazi. Ikibaki peke yake juu ya zawadi inaning'inia.

Tukija kwenye sentensi yenyewe, mimi nina jambo moja ninalolishikilia. Nusu nyingine ya joto la kikadi cha kazini inatoka kwenye kitu kimoja cha kweli mlichofanya pamoja mwaka huo. Neno kubwa la mapenzi halihitajiki, na sifa ya jumla kama "mchapakazi" au "mtu wa watu" haimgusi mtu kwa sababu ingeweza kubandikwa kwa yeyote. Ukitaja kitu chenyewe, mwenzako anajua umemwona. Na kwa kuwa kitu hicho ni cha kazi, umbali wa heshima unabaki ulipo bila wewe kuulinda kwa maneno baridi.

Nikupe mfano tuufuate hatua kwa hatua. Tuseme kijana wa idara ya mauzo amechota jina la mtunza stoo, mama wa makamo, Mwislamu, ambaye kazini anaitwa Bi Zuhura. Amemnunulia chupa ya chai. Mwezi Novemba hesabu ya mali ilikataa kulingana na vitabu, na Bi Zuhura ndiye aliyekaa na kijana huyo mpaka saa tatu usiku wakihesabu boksi moja moja, hadi wakagundua kuwa mzigo mmoja uliingizwa kwenye kitabu mara mbili.

Mara ya kwanza kijana anaandika: "Mpendwa Bi Zuhura, nakutakia Krismasi njema na mwaka mpya wenye baraka tele, afya, amani, furaha na mafanikio katika kila jambo." Ni maneno 20, hayaenei kwenye kikadi. "Mpendwa" limeingia kwa mazoea tu. Krismasi si sikukuu ya Bi Zuhura. Na ukiondoa jina lake, sentensi hiyo unaweza kuifunga juu ya zawadi ya meneja, ya dereva au ya mteja.

Anajaribu tena: "Bi Zuhura, mama yetu mchapakazi, heri ya mwaka mpya." Sasa ni fupi, na Krismasi imetoka. Lakini "mchapakazi" ni neno ambalo mkubwa humwambia mdogo. Likitoka kwa kijana kwenda kwa mtu aliyemzidi umri linageuka kama alama ya mtihani, kana kwamba amemkagua.

Mara ya tatu anakumbuka ile hesabu: "Bi Zuhura, sitasahau usiku ule wa Novemba. Asante." Hapa ameshika jambo la kweli, na moyo wake umo. Lakini mpe mume wa Bi Zuhura kikadi hicho asome jioni, akiwa na kijiko cha wali mkononi. Usiku upi? Wote walioko stoo wanajua ulikuwa usiku wa boksi na karatasi. Kikadi hakijasema hivyo, na Bi Zuhura ndiye atakayebaki na kazi ya kueleza.

Anaacha usiku, anabaki na kazi: "Bi Zuhura, hesabu ya stoo ya Novemba ilitoka sawa kwa subira yako. Asante. Mwaka mpya mwema." Ukiacha jina lake, ni maneno 14. Kitendo kimetajwa na mahali pake pametajwa. Subira ni sifa ambayo mdogo anaweza kumshukuru nayo mkubwa, kwa sababu yeye ndiye aliyefaidika nayo. Akisoma mumewe ataona fahari, na meneja akisoma atajua kitu ambacho pengine hakukijua. Chini jina la kijana, na neno "Mauzo". Basi.

Kuna mpaka katika kutaja jambo la kweli, nao ni huu: usitaje kile ambacho mwenzako angependa kisijulikane. Usimshukuru aliyekukopesha pesa, kwa sababu kesho wanne watakuwa mlangoni pake. Usimpe pole ya ugonjwa aliokueleza wewe peke yako. Wala usitaje kosa alilokufichia, hata kwa shukrani. Shukrani za namna hiyo mpelekee kwa mdomo, mkiwa wawili.

Nimegusa Krismasi, na hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa ofisi zetu zina watu wa dini mbalimbali na vikadi vya dukani huja vimeshapigwa chapa ya upande mmoja. Mwezi Desemba, kwa mwenzako Mwislamu, mwaka mpya au mapumziko mema vinatosha, wala hujapunguza kitu. Kwa Mkristo unayemjua anasherehekea, andika Krismasi waziwazi. Kumwandikia "sikukuu njema" kwa woga wa kukosea, huku unajua amefunga nyota mlangoni, kunampunguzia. Mashahidi wa Yehova hawasherehekei Krismasi, na katika ofisi kubwa huwa hakosekani mmoja au wawili. Kwao asante ya kazi za mwaka inakaa vizuri, bila kutaja sikukuu. Usipojua, muulize mtu wa karibu naye. Swali la dakika moja ni afadhali kuliko zawadi inayopokelewa kwa mikono miwili na uso uliokunjamana.

Na Idd ina mambo yake. Ramadhani huwa na siku 29 au 30 kulingana na mwandamo wa mwezi, na ofisini zawadi mara nyingi hutolewa siku moja kabla ya kufunga ofisi. Kwa hiyo usiandike tarehe wala jina la siku kwenye kikadi. "Idd njema" au "Idd Mubarak" haitachakaa mwezi ukiandama mapema au ukichelewa. Kwa mwaka wa jua Idd hurudi nyuma siku 10 au 11 hivi kila mwaka, ndiyo maana mwaka 2000 Idd el-Fitri iliingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, siku chache tu baada ya Krismasi. Miaka ya namna hiyo ndiyo ambayo "sikukuu njema" inakuwa neno sahihi kwa ofisi nzima, kwa kuwa kila mmoja yumo katika yake. Watu wa pwani wana pia mkono wa Idd. Ni maneno matamu sana kwenye kikadi, ila angalia mwelekeo: mkono wa Idd kwa kawaida hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Meneja akimwandikia msaidizi wake, "Mkono wa Idd, na asante kwa mapokezi yako ya asubuhi," ni vizuri. Msaidizi akimwandikia meneja hivyo, mambo yamepinduka.

Tukiwa kwa meneja, niseme juu ya pande zote mbili. Zawadi ya kwenda juu ni afadhali itoke kwa idara nzima, na kikadi kiseme "tunakutakia", majina yote chini. Mtu mmoja akimpa bosi peke yake katika mwezi ambao fomu za tathmini ziko mezani, hata sentensi nzuri itasikika kama ombi. Sifa za uongozi bora ziache. Mshukuru kwa jambo alilolifanyia idara: "Asante kwa kutupigania gari la usambazaji." Kama ofisi yenu ni ya umma, angalia pia kanuni za zawadi, maana Tanzania ina Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma tangu 1995, na kikadi chenye jina lako ni maandishi kama maandishi mengine.

Kwa zawadi ya kushuka, kosa kubwa ni kumrudisha mtu kazini. Nimeona kapu zuri la mchele, mafuta na sukari, na juu yake: "Heri ya mwaka mpya, tuongeze bidii." Mtu amepewa chakula cha watoto wake na onyo ndani yake. Wiki ya sikukuu bidii aiache ofisini. Na mlinzi, mhudumu wa chai na dereva wana majina. "Kwa mlinzi wetu" ni kikadi cha geti, hakimhusu mtu yeyote. Mwandike jina, uhakikishe herufi zake, na umshukuru kwa kitu: kufungua geti mvua ikinyesha, au ile chai ya tangawizi ya saa nne.

Sasa niseme juu ya dua zinazoumiza, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa kuwa tunazitoa kwa nia njema kabisa. "Mwaka huu Mungu akupe mtoto." "Mwakani tule pilau ya harusi yako." Hatujui mwenzetu amepita hospitali ngapi mwaka huu. Hatujui uchumba gani umevunjika mwezi uliopita. Nyumbani shangazi anaweza kumwombea hayo, na hata shangazi huyo hapati jibu kila mara. Mwenzake wa kazini ayaache: ndoa, uzazi, mwili wake, kunenepa na kupungua. Mtakie pumziko, safari njema ya kwenda Moshi, Bukoba au Pemba kama umesikia anasafiri, na arudi salama. Hayo ni mambo aliyoyasema mwenyewe mbele ya watu.

Na mwenzako akiwa amefiwa mwaka huu, usimrukie na furaha tele. Usimwache pia bila kikadi kwa kuogopa kukosea. "Tunakukumbuka sikukuu hii" inatosha, na majina ya wenzake wote chini. Huna haja ya kumtaja marehemu. Atajua.

Dokezo juu ya kile kiunyenyekevu chetu cha "kidogo nilichojaaliwa" au methali ya kutoa ni moyo. Tukikabidhi zawadi kwa mdomo kinapendeza. Kwenye kikadi kinamfanya mtu ageuze boksi kukisia bei. Methali kwa ujumla nazionea shaka hapa. Ni maneno ya kufunza, na kila methali ina mtu anayeambiwa. Ukimwandikia "haba na haba" mtu ambaye ripoti zake huchelewa, umeandika kuhusu ripoti.

Kuna zawadi moja ambayo huja na maandishi yake, nayo ni kanga. Kina mama wanalijua hili, na dukani swali lao la kwanza mara nyingi ni, "Imeandikwaje?" Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani ule mstari wa maneno juu ya pindo la chini. Zamani majina hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na huko Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lililojulikana kwa jina la Abdulla, ndilo linalotajwa sana katika historia ya kutia maneno kwenye kanga. Sasa fikiria umefunga doti nzuri, rangi zimekubali, kikadi kimeandikwa kwa adabu, "Asante kwa ushirikiano wako." Mwenzako anaikunjua mbele ya ofisi, na jina la kanga linasema, "Hasidi hana sababu." Kikadi chako hakitasikilizwa tena. Kanga imeshasema, na kwa herufi kubwa. Itaanza kuulizwa hasidi ni nani, na kila mtu atakuwa na jibu lake.

Kwa hiyo mwombe muuzaji aikunjue yote, usome jina lote mwenyewe, usitegemee ile ya juu ya rundo, kwa kuwa rangi ni ile ile na jina linaweza kuwa jingine. Chagua jina la heri au la shukrani, kisha kikadi kifupishe zaidi, jina lake na sikukuu tu, ili maandishi mawili yasigombane. Na mwanamume asimpe mwenzake wa kike kanga peke yake. Ni nguo ya ndani ya nyumba, ya kulala na ya kufunga kifuani. Itoke kwa kikundi, au kwa mwanamke mwenzake. Kama ni lazima iwe nguo, kitenge hakina maneno.

Mwisho ni kalamu. Andika kikadi kabla ya kukifunga. Juu ya boksi lililofungwa mkono unapanda na kushuka, na mstari wa pili unakwenda mrama. Kadi zenye kung'aa hazishiki wino wa biki vizuri: unaandika jina, kidole kinapita, jina linakuwa doa. Jaribu alama ndogo nyuma, subiri dakika moja, pitisha kidole. Ikifutika tumia kalamu ya wino usiofutika yenye ncha nyembamba, au nunua kadi ya karatasi isiyong'aa, ambayo mara nyingi ni nafuu pia. Andika maneno yako kwanza kwenye karatasi nyingine kwa ukubwa ule ule utakaotumia, uone kama yanaenea. Na kama zawadi ni nyingi, andika vikadi vyote kwa mkupuo mmoja, lakini ufunge kimoja kimoja huku ukisoma jina kwa sauti, kwa sababu vikadi viwili vikibadilishana maboksi, Bi Zuhura atashukuriwa kwa gari la usambazaji.